Chumba cha Giza Kwenye Kona ya L

Chukua karatasi ya hesabu, ile yenye miraba, uchore herufi L nene. Kila mkono wa L uupe upana wa karibu mita 10: safu ya vyumba vyenye kina cha mita 4, korido ya mita 1.8, kisha safu nyingine ya vyumba vya mita 4. Mkono mmoja uelekee mashariki, mwingine kaskazini, na vyote viwili vikutane konani. Ua ubaki ndani ya pembe ya L.

Sasa tazama pale korido mbili zinapokutana, upande wa ndani, ule wa kuelekea uani. Pana mraba wa mita 4 kwa 4 umekaa kimya. Kusini kwake kuna korido. Magharibi kwake kuna korido nyingine. Mashariki umepakana na chumba cha kwanza cha mkono mmoja, kaskazini umepakana na chumba cha kwanza cha mkono wa pili. Ua wenyewe unaugusa kwa ncha ya kona tu. Mita za mraba 16, kuta nne, na hakuna hata ukuta mmoja unaotazama nje. Dirisha halitaingia humo hata kwa dua.

Mraba huu ni rafiki wa kudumu wa wanafunzi wa usanifu majengo. Wanapopewa kazi ya kubuni hosteli, wengi huchora L kwa sababu L inazunguka ua vizuri na inakaa vyema kwenye kiwanja. Kisha siku ya kuwasilisha kazi mbele ya jopo, mwalimu anasogea karibu na ukuta, anaweka kidole pale pale kwenye mraba, anauliza: "Hiki chumba kinapumua wapi?"

"Hicho ni stoo, Mwalimu."

"Stoo ya mita 16? Ya kuweka nini?"

Wakati mwingine pameandikwa "chumba cha kusomea", na hapo ndipo jopo linapoanza kukunjua mikono. Chumba kinachohitaji mwanga kuliko vyote kimewekwa mahali pekee pasipo na mwanga. Mwanafunzi hakukusudia. Alipanga kwanza vyumba vya kulala, akavijaza vyote vizuri kwenye mikono miwili, akaweka ngazi, akaweka bafu, na mwisho akabakiwa na kitu kimoja kwenye orodha na nafasi moja kwenye ramani. Akavioanisha.

Hosteli hiyo tuichukue kama mfano wetu, tuitembelee ghorofa yake ya kwanza. Kila mkono una vyumba sita kila upande baada ya kona, kila kimoja mita 3 kwa 4, kwa hiyo mkono mmoja una vyumba 12 na yote miwili 24. Kila chumba wanalala wawili, yaani vitanda 48 kwa ghorofa, 96 kwa jengo lenye chini na juu. Kwenye kona, upande wa nje, pale penye kuta mbili zinazotazama nje na upepo wa pande mbili, mwanafunzi ameweka ngazi. Bafu na vyoo vimekaa kando ya ngazi, upande mmoja wa wavulana na mwingine wa wasichana. Mraba wa ndani ndio chumba cha kusomea. Ukiitazama ramani kwa mbali, imepangika: kila kitu cha pamoja kiko katikati, vyumba vimejipanga mikononi, mistari imenyooka.

Ila sasa tembea. Toka kwenye ngazi, shika korido ya mashariki, nenda mpaka mwisho. Umetembea mita 22 kutoka makutano ya korido, umefika kwenye ukuta. Hapana dirisha, hapana mlango, hapana ngazi. Chumba cha mwisho kushoto, chumba cha mwisho kulia, na mbele yako tofali. Ukitaka kushuka, geuka urudi ulikotoka. Mkono wa kaskazini nao ni hivyo hivyo.

Makosa haya mawili, chumba kisicho na dirisha na korido isiyo na pa kutokea, huhukumiwa kana kwamba ni mambo tofauti, moja la mwanga na jingine la moto. Kwenye ramani hii yamezaliwa siku moja na mzazi mmoja. Mwanafunzi alianza na vyumba, akavipanga kama masanduku, na korido ikaja baadaye kama gundi ya kuviunganisha. Njia ya watu na njia ya hewa hazikuchorwa kabisa. Zimepatikana kwa bahati, na mahali ambapo bahati haikufika, ndipo penye giza na ndipo penye ukuta.

Tuanze na korido, kwa kuwa ndiyo inayoua.

Moshi wa moto ni wa joto, kwa hiyo hupanda juu na kutambaa chini ya dari. Korido ikiwa na dirisha au mlango wazi mwishoni, sehemu ya moshi hutoka. Ikiwa imezibwa, moshi unafika kwenye ukuta wa mwisho, unashuka chini, unaanza kurudi kwa kimo cha vichwa vya watu. Mtu aliyetoka chumba cha mwisho hakuti korido yenye moshi upande mmoja. Anaikuta imejaa kutoka dari mpaka kifuani. Na moto wenyewe ukiwa umeanzia chumba kilicho karibu na ngazi, wote walioko ng'ambo yake hawana njia. Njia pekee ya kutokea inapita mbele ya mlango unaowaka.

Liko pia jambo la watu wasiolijua jengo, au wanaolijua lakini wameamka usiku na macho yanawasha. Mtu katika moshi hupapasa ukuta na kufuata upande alioushika. Akienda upande usio sahihi kwenye korido yenye ngazi kila mwisho, bado atafika kwenye ngazi. Akienda upande usio sahihi kwenye ramani yetu, atafika kwenye tofali, na hapo atalazimika kugeuka na kupita tena kwenye moshi ule ule, safari hii akiwa amechoka.

Ndiyo maana kanuni za ujenzi huiwekea korido ya namna hiyo kikomo kifupi sana. Zile zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zinaruhusu, kwa kawaida, sehemu isiyo na pa kutokea isizidi mita 6 hivi, na zinalegeza mpaka kama mita 15 kwa baadhi ya majengo yenye mabomba ya maji yanayojifungua yenyewe moto ukitokea. Mita 6 ni vyumba viwili vya hosteli yetu. Mwanafunzi wetu ana mita 22, mara mbili, kila ghorofa.

Afrika Mashariki haihitaji mifano ya mbali kwenye jambo hili. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Moto ulikuwa wa kuwashwa makusudi, lakini idadi ile ya vifo ilichangiwa na jengo: mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Bweni lenye milango miwili ambao mmoja wake umefungwa ni sawa kabisa na korido ya mwanafunzi wetu. Limekuwa na njia moja. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana usiopungua futi 5, na madirisha yasiwe na nondo. Ukiusoma mwongozo ule kama mchoraji, unasema neno moja tu: mtu popote alipo awe na pande mbili za kukimbilia.

Nyumba za kupanga za uswahilini zililijua hili bila mwongozo wowote. Ile nyumba ya Kariakoo au Magomeni ya zamani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ina korido katikati inayotoka mlango wa mbele moja kwa moja mpaka uani. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo unapita, watoto wanapita, na mwanga unaingia pande zote mbili. Wanafunzi waliozaliwa na kukulia kwenye nyumba hizo hufika chuoni wakachora korido zilizozibwa, pengine kwa sababu vitabu wanavyopewa kufunulia vipimo vimetoka kwenye nchi za baridi. Kitabu cha Mjerumani Ernst Neufert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1936, bado kiko kwenye meza nyingi za studio, na ni kitabu kizuri mno kwa kujua kitanda kinachukua nafasi gani. Hakikuandikwa kwa ajili ya joto la Dar es Salaam mwezi Februari.

Turudi kwenye mraba wetu wa giza. Utetezi wa kwanza wa mwanafunzi huwa ni taa na feni. Utetezi wa pili, wa ujanja zaidi, ni dirisha linalofungukia kwenye korido. Kwa macho ya ramani, kuna alama ya dirisha, basi kuna dirisha. Lakini korido yenyewe haina mwanga. Kanuni ya mkono inayotumika studio ni kwamba mwanga wa mchana unaofaa huingia ndani kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha. Lenta ikiwa kwenye mita 2.1, mwanga unafika mita 4 hadi 5. Chumba cha kulala cha kina cha mita 4 kinatosheka. Korido iliyo nyuma yake, ambayo milango yake hufungwa mchana wanafunzi wakiwa darasani, haipati kitu. Kuazima mwanga kwa mtu asiye nao hakuna maana, na siku ya moto dirisha hilo la korido ni njia ya moshi kuingia chumbani.

Kipimo cha dirisha chenyewe ni rahisi na kinafaa kujulikana na kila anayejenga. Tangu kanuni za mfano za Uingereza za mwaka 1877, nchi nyingi zimekuwa zikitumia uwiano wa moja ya kumi: eneo la dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita za mraba 12 kinataka dirisha la mita za mraba 1.2, mathalani upana wa mita 1.2 kwa kimo cha mita 1. Chumba chetu cha kusomea cha mita 16 kinataka 1.6. Halafu kuna mtego ambao ramani haiuonyeshi. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo siku hizi ndilo linalowekwa karibu kila mahali, hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kikae nyuma ya mwenzake. Weka na wavu wa mbu, hewa inapungua tena. Mwanafunzi makini hahesabu dirisha alilochora. Anahesabu nusu yake, na akiona haitoshi, anapanua au anachagua dirisha la kufunguka kwa bawaba.

Hata vile vyumba 24 vyenye madirisha havijapona kabisa. Kila kimoja kina dirisha upande mmoja tu, na mlango unaofungukia kwenye korido iliyofungwa. Hewa haivuki. Pwani, ambako kuna upepo wa kaskazi kuanzia Desemba na wa kusi katikati ya mwaka, kuzuia upepo usivuke chumba ni kama kupika ugali na kufungia moshi ndani. Wanafunzi watalala na milango wazi, simu zitaibwa, kisha mwenye jengo ataambiwa aweke viyoyozi.

Utetezi wa tatu una historia, na ni wa kuvutia zaidi kwa sababu unaonekana kama ufumbuzi: toboa tundu la hewa kutoka juu mpaka chini, kila chumba cha ndani kifungue dirisha kwenye tundu hilo. New York walishalijaribu. Mwaka 1878 jarida moja la mafundi bomba na usafi wa majengo liliandaa shindano la kubuni nyumba bora za wapangaji maskini kwenye viwanja vyembamba vya jiji lile. Mshindi, James Ware, alibana ubavu wa jengo katikati ili kupata tundu la hewa kati yake na jengo la jirani. Mwaka 1879 sheria ikadai kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kutazama mahali pa hewa, na nyumba za mtindo wa Ware zikaota kwa maelfu. Sheria ilitimizwa: dirisha lipo. Lakini kila jengo lilichangia tundu la chini ya mita moja ya upana kwa nyumba za ghorofa tano au sita. Vyumba vya chini havikuona jua. Watu walitupa taka kupitia madirisha yale. Moto ulipotokea, tundu liligeuka bomba la kupandisha moshi na miali mpaka juu. Mwaka 1901 sheria mpya ilizipiga marufuku nyumba za namna hiyo na kudai nyua pana zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi anapochora tundu la mita 1.2 kwa 1.2 kwenye jengo la ghorofa nne na kuandika "hewa", jopo lina haki ya kumwuliza ni nani atakayeingia humo kusafisha. Kwa choo na bafu dogo, tundu lenye bomba la kuvutia hewa linakubalika, japo umeme ukikatika ukungu hauchelewi kwenye dari. Kwa chumba cha mtu kukaa, halitoshi.

Na usidhani ni wanafunzi tu wanaoteleza. Charlie Munger, tajiri wa Marekani aliyekuwa mshirika wa Warren Buffett, aliahidi dola milioni 200 kwa Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, kwa sharti kwamba hosteli ijengwe kwa ramani aliyoibuni mwenyewe. Ilikuwa na ghorofa 11, ya kulaza wanafunzi 4,500, na zaidi ya asilimia 90 ya vyumba vya kulala havikuwa na dirisha. Pangewekwa madirisha ya bandia yenye taa. Oktoba 2021 msanifu Dennis McFadden, aliyekuwa kwenye kamati ya kukagua michoro ya chuo, alijiuzulu kwa kupinga. Baada ya kelele za karibu miaka miwili, mwaka 2023 chuo kiliachana na mpango huo na kutafuta michoro mingine. Hoja ya Munger ilikuwa ile ile ya kila mwenye kiwanja: kwa kuondoa madirisha, vitanda vinaongezeka. Ni kweli vinaongezeka. Ndiyo maana lazima hesabu ya vitanda ifanywe waziwazi, si kwa kuficha mraba wa giza na kuuita stoo.

Basi tuirekebishe ramani, tuone inagharimu nini.

Hatua ya kwanza ni kuiondoa ngazi konani. Pale imepewa nafasi bora ya jengo zima, na kwa kukaa kwake hapo imeifanya mikono yote miwili isiwe na pa kutokea. Tunaweka ngazi mbili, kila moja kwenye chumba cha mwisho cha kila mkono. Lakini je, inaingia? Hapa ndipo wanafunzi wengi huchora mistari kumi ya ngazi na kutumaini. Ghorofa ina kimo cha mita 3 kutoka sakafu mpaka sakafu. Ukigawa kwa vidato 18, kila kimoja kinapanda sentimita 16.7, jambo zuri kwa goti. Ngazi inakunja katikati, vidato tisa kwenda na tisa kurudi. Kila mkondo una nyayo nane za sentimita 28, jumla mita 2.24, kisha jukwaa la kugeukia la mita 1.2. Hiyo ni mita 3.44, na korido yenyewe ndiyo jukwaa la juu. Chumba chetu kina kina cha mita 4, ukitoa unene wa kuta inabaki kama 3.85. Inaingia. Upana wa chumba, mita 3, unatosha mikondo miwili ya zaidi ya mita 1.2 kila mmoja. Chini, kila ngazi inatokea kwenye mlango wake wa nje, la sivyo tumehamisha tatizo ghorofa moja chini.

Mwisho wa korido, palipokuwa na tofali, sasa panawekwa dirisha la upana wote linalofunguka. Mita 22 zile zilizokuwa jela zimekuwa njia yenye ngazi kila upande. Mtu aliye konani, ambaye sasa ndiye wa mbali zaidi, ana mita 20 na ushei kwenda upande wowote, na moto ukimzibia huku anakwenda kule.

Hatua ya pili, chumba cha kusomea kinahamia kona ya nje, palipokuwa na ngazi. Mita 16 zile zile, lakini sasa kuta mbili zinatazama nje, na ukiweka dirisha kila ukuta upepo unavuka. Hakikugharimu kitu. Ni kubadilishana viti tu.

Unabaki mraba wa ndani, na huu haupati dawa ya bure. Kuuachia wazi peke yake hakusaidii, maana bado umezungukwa. Lazima umtoe na jirani yake mmoja: chumba cha kwanza cha mkono wa kaskazini, upande wa ua. Ukiviondoa vyote viwili, unapata baraza wazi ya mita za mraba 28, iliyofunguka uani, ikiwa na ukuta mfupi wa kuegemea. Hapo weka masinki ya kufulia na kamba za kuanikia, kwa sababu hosteli yoyote isiyo na mahali pa kufulia itaanika nguo kwenye madirisha yake ya mbele. Baraza hiyo inamwaga mwanga kwenye makutano ya korido, pale palipokuwa peusi zaidi, na moshi ukija una pa kutokea.

Gharama sasa. Vyumba viwili vimeliwa na ngazi, kimoja na baraza. Ghorofa imeshuka kutoka vyumba 24 mpaka 21. Chini napo hali ni hiyo hiyo. Vitanda 96 vimekuwa 84. Mwenye hosteli atakunja uso, na ana haki. Anayetaka vitanda vyake 12 virudi anaweza kurefusha kila mkono, kiwanja kikiruhusu: vyumba vinne kwa ghorofa vinapatikana kwa kuongeza mita 3 tu kila upande, na hapo anakuwa na vitanda 100, zaidi ya alivyoanza navyo. Ukuta na bati za mita hizo ni gharama, lakini ni gharama inayoonekana kwenye makadirio tangu mwanzo.

Ipo njia nyingine kabisa, na kwa pwani mimi ningeianza nayo: vyumba upande mmoja tu, na mbele yake veranda wazi inayotazama ua, kama shule nyingi za kwetu. Veranda ikikaa upande wa ndani wa L, mraba wa giza hauzaliwi kabisa, kwa sababu pale panapotokea utakuwa umesimama kwenye veranda. Kila chumba kinapata dirisha mbele na nyuma, upepo unavuka, na moshi hauna pa kujifungia. Ubaya wake ni urefu. Vyumba 24 vya mita 3 kwa safu moja ni mita 72, na kiwanja kidogo cha mjini hakina. Mvua ya upepo nayo inalowesha mlangoni. Mwanafunzi mwenye kiwanja chembamba atachanganya: mkono mmoja wa safu mbili, mwingine wa safu moja.

Jambo moja la mwisho kwenye L, nalitaja kwa haraka. Mkono mmoja lazima utazame mashariki na magharibi. Vyumba vya upande wa magharibi vitapigwa na jua la alasiri moja kwa moja. Bafu, vyoo na ngazi vipelekwe huko kadiri inavyowezekana. Ngazi haisikii joto.

Walimu wengine huwataka wanafunzi wafanye majaribio mawili kabla ya kuibandika ramani ukutani, nayo hayahitaji kompyuta. La kwanza ni kalamu nyekundu: pitisha rangi juu ya kila ukuta unaogusa hewa ya nje, na hewa hiyo iwe ya uwanja au ua, si tundu. Chumba ambacho hakijaguswa na wekundu ni kosa, kiwe na jina gani. La pili ni kalamu ya bluu: weka ncha kwenye mlango wa kila chumba, chora njia ya kwenda nje bila kuvuka ukuta, kisha rudi mlangoni uchore njia ya pili isiyofuata ile ya kwanza. Mahali ambapo lazima mistari miwili ipande juu ya mwenzake, pima urefu wake kwa rula. Ukizidi mita 6, kuna ukuta wa kutoboa au ngazi ya kuhamisha. Kwenye ramani yetu ya kwanza, mistari ya bluu ilipandana mita 22.

Majaribio hayo si ya chuoni tu. Kama umenunua ramani ya nyumba kwa fundi au umeitoa kwenye simu, na ina sebule kubwa mbele, korido ndefu ya vyumba, na "stoo" au "chumba cha kulia" katikati, ichape kwenye karatasi na uitembeze kalamu zote mbili leo jioni. Hesabu pia nondo za madirisha kama ukuta, isipokuwa dirisha moja katika kila chumba uliloagiza liwe na nondo za kufunguka kwa ndani bila ufunguo. Ukikuta kosa, mrudishie mchoraji kabla msingi haujachimbwa, na umwambie akuonyeshe mistari miwili kutoka kila mlango.